CONSORT au PRISMA: uchukue orodha gani kukagua mbinu za mswada

Mwanafunzi wa uzamili hapa Nairobi akipewa mswada wa kwanza kuuhakiki, swali lake la kwanza huwa ni hili: nichukue orodha gani? Jibu analopewa mara nyingi ni la mstari mmoja, kwamba CONSORT ni ya majaribio ya nasibu na PRISMA ni ya mapitio ya kimfumo. Ni jibu la kweli, ila halimfikishi mbali. Mswada unaweza kujiita jaribio la nasibu kumbe hakuna nasibu ndani yake, na mwingine ukajiita mapitio ya kimfumo ilhali mfumo wenyewe hauonekani. Isitoshe, hata ukishika orodha sahihi, unaweza kuweka alama ya ndiyo kila mahali na bado usijue utafiti ulifanywaje.

Nitaziweka orodha hizi mbili sambamba kwa kutumia swali moja tu ambalo kliniki zetu zinalijua vizuri: je, meseji ya simu kila wiki humsaidia mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI kumeza ARV zake bila kukosa? Tuseme juu ya swali hilo imekujia miswada miwili. Mmoja ni jaribio lililofanywa katika kliniki za Nairobi. Mwingine ni mapitio yaliyokusanya majaribio ya aina hiyo.

Kinachopimwa na kisichopimwa

Orodha zote mbili zinauliza kama jambo limeelezwa. Haziulizi kama jambo lilifanywa vizuri. Tofauti hii ni kubwa kuliko tofauti iliyopo kati ya CONSORT na PRISMA zenyewe. Mtafiti akiandika, "Nesi aliyesajili wagonjwa alikuwa na orodha ya mgao mezani pake na aliweza kuona anayefuata atakwenda kundi gani," ametimiza kipengele cha CONSORT kikamilifu. Amekueleza. Jaribio lenyewe lina kasoro nzito, lakini kasoro hiyo huipimi kwa CONSORT. Unaipima kwa chombo cha kupima uimara wa utafiti: RoB 2 kama ni jaribio, au AMSTAR 2 kama ni mapitio.

Walioandaa CONSORT wenyewe wamesema wazi kwamba haikutengenezwa iwe kipimo cha ubora wala chombo cha kutoa maksi. Hata hivyo bado tunasoma tasnifu zinazosema "ubora wa tafiti ulipimwa kwa CONSORT, na zilizopata zaidi ya asilimia 70 zilijumuishwa". Sentensi hiyo ukiikuta kwenye mapitio, isimamishe hapo hapo. Mwandishi amepima ufasaha wa makala akadhani amepima uimara wa utafiti, na huenda ametupa nje jaribio zuri lililoandikwa kwa ufupi kwa sababu jarida lilimbana kwa idadi ya maneno.

Kwa hiyo kama kazi uliyopewa ni kusema matokeo yanaaminika kiasi gani, CONSORT na PRISMA ni hatua ya kwanza tu. Kama kazi ni kusema mbinu zimeelezwa kwa ukamilifu au la, hapo ndipo mahali pake hasa.

Chagua kwa muundo, si kwa kichwa cha mswada

Njia ninayoiamini ni kufunua sehemu ya mbinu kabla ya kusoma kichwa kwa makini, na kuuliza: data hizi ziliingiaje kwenye utafiti huu? Kama watu waliingia kwa kugawanywa na watafiti kwa bahati nasibu, shika CONSORT. Kama kilichoingia ni tafiti za wengine, zilizotafutwa na kuchujwa kwa vigezo vilivyowekwa mapema, shika PRISMA. Kama watu walifuatiliwa tu bila mtafiti kuamua nani apate nini, achana na zote mbili uchukue STROBE.

Ugumu uko kwenye mipaka. Chukua kliniki inayowapa meseji wagonjwa wa Jumatatu na Jumatano, na kuwaacha wa Jumanne na Alhamisi. Waandishi watauita mgao wa nasibu, na kwa nia njema kabisa, kwa sababu hakuna aliyependelewa kwa jina. Lakini siku ya kliniki haiji kwa nasibu. Kibarua wa Industrial Area huchagua siku anayoweza kukosa kazi, mama wa sokoni huchagua siku yake, na nesi anayesajili anajua tangu asubuhi leo ni siku ya kundi gani. Mswada kama huu uanze kuukagua kwa CONSORT kwa sababu ndivyo ulivyojitambulisha, na maswali ya CONSORT kuhusu jinsi mpangilio wa mgao ulivyotengenezwa ndiyo yatakayoonyesha kwamba haukuwepo. Baada ya hapo waambie waandishi wauite kwa jina lake na watumie TREND, orodha ya 2004 ya tafiti za afua zisizo na nasibu.

Mpaka wa pili ni pale ambapo kilichogawanywa ni kliniki nzima, si mgonjwa mmoja mmoja. Hapo CONSORT ya kawaida haitoshi. Ipo nyongeza yake ya 2012 ya majaribio ya vikundi, na inauliza jambo ambalo orodha kuu hailiulizi: je, ridhaa iliombwa kwa nani, na iliombwa kabla au baada ya kliniki kugawanywa?

Upande wa mapitio, kinachochanganya watu ni mapitio ya upeo, yaani yale yanayochora ramani ya kilichoandikwa bila kujaribu kujibu kama meseji zinafanya kazi. Hayo yana PRISMA-ScR ya 2018. Ukiyakagua kwa PRISMA 2020 utawadai waandishi upimaji wa hatari ya upotofu ambao aina hiyo ya mapitio hailazimiki kuufanya, na utakuwa umewaonea.

CONSORT juu ya jaribio

Hebu tufanye kazi yenyewe. Aya hii nimeitunga, lakini aliyehakiki miswada atatambua sura yake:

> Wagonjwa 200 waligawanywa kwa nasibu rahisi katika makundi mawili ya watu 100 kwa kutumia bahasha zilizofungwa. Kundi la kwanza lilipokea meseji ya simu kila wiki, na kundi la pili lilipata huduma ya kawaida. Umezaji wa dawa ulipimwa baada ya miezi 6. Data zilichambuliwa kwa SPSS.

Kwa namba za CONSORT 2025, ambayo ina vipengele 30, mgao uko kwenye vipengele vya 17 hadi 19. Kipengele 17a kinauliza nani alitengeneza mpangilio wa mgao na kwa njia gani. Aya yetu haijibu lolote kati ya hayo. Bahasha si njia ya kutengeneza mpangilio. Ni njia ya kuutekeleza, na hapa waandishi wengi hujichanganya.

Kipengele 17b kinauliza aina ya nasibu na kama kulikuwa na kizuizi chochote, mathalani kugawanya kwa mafungu. Waandishi wamesema nasibu rahisi, kisha wakatupa 100 kwa 100. Nasibu rahisi ni kama kurusha sarafu kwa kila mgonjwa, na kwa wagonjwa 200 uwezekano wa kupata 100 kwa 100 kamili ni takriban mara 1 katika 18. Hutokea, lakini inatosha kukufanya uulize kama kulikuwa na mafungu ambayo hayakutajwa. Swali hilo lina uzito katika jaribio la meseji, kwa sababu nesi anajua waziwazi nani anapokea meseji. Kama mafungu yalikuwa ya watu 4, na watatu wa mwanzo wakawa meseji, meseji, kawaida, basi wa nne lazima awe kawaida. Nesi aliyeshika hesabu kwa wiki mbili ataligundua hilo, na mgonjwa anayemhurumia anaweza kuambiwa arudi kesho.

Kipengele 18 ndicho ninachokipa muda mrefu kuliko vyote: ufichaji wa mgao hadi dakika ya mwisho. "Bahasha zilizofungwa" ni maneno mawili tu. Yanayohitajika ni kujua kama bahasha zilikuwa na namba zinazofuatana, kama zilikuwa nzito kiasi cha kutoonyesha karatasi ya ndani zikinyanyuliwa dirishani, kama jina la mgonjwa liliandikwa juu kabla ya kufunguliwa, na nani alikaa nazo. Bahasha isiyo na namba inaweza kurudishwa chini ya rundo, na ile nyepesi husomwa bila kufunguliwa. Kuhusu hilo kuna ushahidi wa miaka mingi. Mwaka 1995 Schulz na wenzake walichunguza majaribio 250 ya ujauzito na uzazi, wakakuta kwamba yale yenye ufichaji mbovu yaliongeza ukubwa wa faida, kwa kipimo cha uwiano wa odi, kwa 41%, na yale ambayo ufichaji wake haukueleweka kutokana na maelezo yaliongeza kwa 30%. Tazama hiyo ya pili. Ukimya peke yake uliandamana na matokeo yaliyotiwa chumvi. Tafiti za baadaye zilionyesha kwamba tatizo huwa kubwa zaidi pale tokeo linapotegemea maoni ya mtu, na umezaji wa dawa wa kujieleza mwenyewe ni tokeo la namna hiyo hasa.

Kipengele 19 kinamalizia: wanaosajili na wanaogawa waliweza kuuona mpangilio? Aya yetu iko kimya.

Sasa afua yenyewe, kipengele 13. "Meseji ya simu kila wiki" haitoshi kwa mtu anayetaka kuirudia Mbagathi au Kayole. Kwa bahati nzuri tunao mfano wa nyumbani. Jaribio la WelTel Kenya1, lililochapishwa kwenye Lancet mwaka 2010, lilieleza kwamba nesi alituma neno "Mambo?" kila Jumatatu asubuhi, kwamba mgonjwa alitakiwa kujibu ndani ya saa 48 kwa "Sawa" au "Shida", na kwamba aliyesema ana shida au aliyekaa kimya alipigiwa simu. Ukisoma hivyo unaelewa kwamba kilichojaribiwa hakikuwa meseji ya kukumbusha dawa. Kilikuwa mlango wa mgonjwa kumfikia nesi. Mswada usiosema meseji ilisemaje, nani aliituma, na nini kilitokea mgonjwa asipojibu, haujaeleza afua. Na "huduma ya kawaida" nayo ielezwe, maana kawaida ya kliniki moja ina washauri wanaopigia watu simu, na ya nyingine haina.

CONSORT 2025 imeongeza kipengele 24, kinachotaka kujua afua ilitolewaje kiuhalisia, si ilivyopangwa. Kwa jaribio la meseji ninakithamini sana. Ni meseji ngapi zilifika? Wangapi walibadilisha laini? Simu ya pamoja nyumbani ilisomwa na nani? Ukipewa mswada uliojazwa kwa CONSORT 2010 yenye vipengele 25, usimkatalie mwandishi kwa sababu ya toleo, ila muulize hili hata kama orodha yake haikumuuliza.

Tokeo, kipengele 14. "Umezaji wa dawa ulipimwa" si tokeo mpaka ujue kipimo, kiwango, wakati na njia. Linganisha na WelTel: waliohesabiwa kuwa wamemeza vizuri ni waliosema walimeza zaidi ya 95% ya dozi katika siku 30 zilizopita, kwenye hudhurio la miezi 6 na la miezi 12 yote mawili, na tokeo kuu la pili lilikuwa virusi chini ya nakala 400 kwa mililita moja ya damu kwenye miezi 12. Hakuna pa kukisia.

Kipengele 20 kinauliza nani hakujua mgao. Wengine huandika "jaribio halikuwa la upofu" wakadhani wamemaliza. Katika jaribio la meseji mgonjwa hawezi kufichwa, hilo linaeleweka, lakini mpimaji wa maabara na mchambuzi wanaweza. WelTel walilitenganisha: wagonjwa na wahudumu wa kliniki walijua, vipimo vya maabara na uchambuzi vilifanywa na wasiojua. Hivyo ndivyo kipengele hiki hujibiwa, mtu kwa mtu.

Ukubwa wa sampuli, kipengele 16, nakipitia haraka: kwa nini 200? Kuhusu kipengele 21, SPSS ni programu, si mbinu. Waandishi waseme walilinganisha nini kwa hesabu gani, nani aliingia kwenye uchambuzi, na waliopotea walifanywaje.

PRISMA juu ya mapitio

Mswada wa pili, nao wa kutunga, unasema:

> Tulitafuta makala kwenye PubMed, Google Scholar na vyanzo vingine kwa kutumia maneno muhimu yanayohusu VVU, meseji na umezaji wa dawa. Makala zilizofaa zilichaguliwa na waandishi. Matokeo yaliunganishwa kwa modeli ya athari nasibu.

Kama uzito wa CONSORT uko kwenye ufichaji wa mgao, uzito wa PRISMA uko kwenye utafutaji. Vipengele viwili vinahusika. Cha 6 kinataka kila chanzo kitajwe pamoja na tarehe ya mwisho ya kukitafuta, kwa hiyo "vyanzo vingine" hayapiti. Cha 7 kinataka mkakati kamili wa kila kanzidata, pamoja na vichujio na mipaka iliyotumika. Kamili maana yake ni kitu unachoweza kukinakili ukakibandika:

```
(antiretroviral*[tiab] OR "HIV Infections"[Mesh])
AND (sms[tiab] OR "text messag*"[tiab]
     OR "Text Messaging"[Mesh])
AND (adheren*[tiab] OR complian*[tiab])
```

Ukipewa mkakati ulioandikwa hivi una nguvu ambayo CONSORT haikupi: unaweza kuurudia ukiwa umekaa ofisini. Bandika PubMed, weka mpaka wa tarehe walioutaja, linganisha idadi. Itatofautiana kidogo kwa sababu kanzidata husasishwa, lakini kama wao walipata 340 na wewe unapata 2,900, kuna mstari haukuandikwa. Kisha fanya jaribio la pili: je, utafutaji huu unaleta makala ambayo unajua lazima iwepo? Kwa swali letu, WelTel Kenya1 ni kipimo kizuri. Mapitio ya meseji na ARV ambayo hayaikuti WelTel yana tundu kwenye wavu, na tundu hilo huwa kwenye maneno ya utafutaji.

PRISMA ina kikomo hapa ambacho mhakiki wa Nairobi anapaswa kukijua. Inakutaka utaje vyanzo. Haikuambii vipi vinatosha. Mapitio yanayohusu Kenya yaliyotafuta PubMed peke yake, yakaitaja pamoja na tarehe, yamekamilika kwa PRISMA. Lakini hayakugusa AJOL, wala African Index Medicus, wala hazina ya tasnifu ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ambako kazi nyingi za kliniki zetu huishia. Uamuzi kwamba hilo halitoshi utautoa kwa AMSTAR 2, ambayo kwa utafutaji hudai angalau kanzidata mbili, na kwa uzoefu wako wa mahali.

"Makala zilizofaa zilichaguliwa na waandishi" inaangukia kipengele 8. Wangapi walisoma kila muhtasari? Kila mmoja peke yake au pamoja? Wakitofautiana, nani aliamua? Mtu mmoja akichuja peke yake jioni moja, atapitwa, na msomaji ana haki ya kujua ni hivyo ilivyokuwa.

Kipengele 13, chenye sehemu sita, ndicho kinachoachwa zaidi katika miswada ninayoiona. Modeli ya athari nasibu imetajwa, sawa. Lakini kabla ya kuunganisha, waliamuaje tafiti zipi zikae pamoja? Jaribio moja limepima umezaji kwa kujieleza, jingine kwa kuhesabu vidonge, jingine kwa kiwango cha virusi. Ukivichanganya hivyo unapata namba moja isiyo na maana inayojulikana. Kipengele 13a kinauliza jambo hilo moja kwa moja, na 10a kinauliza tokeo lipi lilitafutwa na, kama makala moja ilikuwa na vipimo vinne, waliteua kipi na kwa kanuni gani. Bila kanuni iliyoandikwa mapema, kipimo chenye matokeo mazuri kina njia ya kuingia chenyewe.

Mchoro wa mtiririko: mahali zinapokutana

Orodha zote mbili zina mchoro, na yote miwili hukaguliwa kwa kutoa na kujumlisha. Kwenye mapitio, rekodi 812 zikitolewa nakala rudufu 214 zibaki 598. Zikiondolewa 541 kwa muhtasari zibaki makala 57. Zikiondolewa 46 kwa sababu zilizotajwa zibaki 11. Jedwali la sifa za tafiti likionyesha 12, kuna utafiti mmoja ulioingia kwa mlango usioandikwa. Muulize mwandishi ulitoka wapi. PRISMA 2020 pia inataka, kwenye kipengele 16b, zitajwe tafiti zilizoelekea kufaa lakini zikaachwa, na sababu. Sehemu hiyo husomwa na wachache, nami huianzia hapo, kwa sababu jaribio ninalolijua likiwa kati ya zilizoachwa naweza kuipima sababu yenyewe.

Kwenye jaribio hesabu ni ya watu. Waliogawanywa ni 100 na 100; jedwali la matokeo lina 91 na 84. Hao 9 na 16 wako wapi? Katika jaribio la meseji jibu si la kupuuza, kwa kuwa aliyepoteza simu amepoteza afua pia, na yule wa kundi la kawaida ambaye hapigiwi na mtu ndiye anayetoweka bila kuonekana. WelTel waligawanya 273 na 265, na matokeo yao makuu yaliripotiwa kama 168 kati ya 273 na 132 kati ya 265 kwa umezaji, na 156 kati ya 273 na 128 kati ya 265 kwa virusi. Jumla zilizotumika kugawanyia, 273 na 265, ni zile zile za waliogawanywa. Msomaji anaona kwamba hakuna aliyedondoshwa kwenye hesabu.

Imetajwa au imeelezwa

Majarida mengi humtaka mwandishi ajaze orodha mwenyewe na kuandika namba ya ukurasa. Nashauri usiifungue hiyo kwanza. Soma mbinu, jaza yako, kisha linganisha. Ukianza na ya mwandishi, macho yako yatatafuta neno badala ya maelezo: ameandika "kipengele 18, ukurasa wa 6", unafungua ukurasa wa 6, unaona "bahasha", unaweka ndiyo.

Mkurugenzi mmoja wa mafunzo aliwahi kumsikia mwanafunzi wake akisema, "Lakini daktari, si wameandika bahasha?" Akamjibu, "Basi chukua bahasha hizo ugawe wagonjwa wa kesho, uniambie utaanzia wapi." Ndiyo sababu mimi situmii ndiyo na hapana. Natumia tatu: imeelezwa, imetajwa tu, haipo. Kundi la katikati ndilo lenye kazi, na ndilo ambalo alama ya ndiyo hulifunika. Katika aya yetu ya jaribio, ufichaji, afua, tokeo na uchambuzi vyote vinaangukia katikati. Kilichokosekana kabisa ni aliyetengeneza mpangilio na kwa njia gani, kama wanaosajili na wanaogawa waliweza kuuona, sababu ya 200, na nani hakujua mgao.

Kilichosajiliwa nacho kifunguliwe: PACTR au ClinicalTrials.gov kwa jaribio, PROSPERO kwa mapitio. Linganisha tokeo kuu la kwenye usajili na la kwenye mswada, na tarehe ya usajili na ya mgonjwa wa kwanza. Kubadilika si kosa. CONSORT 2025 ina kipengele 10 cha mabadiliko ya jaribio na PRISMA ina 24c ya marekebisho ya itifaki. Kosa ni kubadilika kimyakimya.

Unapoandika maoni, usimtupie mwandishi orodha nzima. Wala usiandike "fuateni CONSORT", kwa sababu hajui umeona nini. Andika swali linaloweza kujibiwa, na umwachie nafasi ya kusema hakufanya. Kwa miswada yetu miwili ningeandika hivi:

> Kipengele 18: Tafadhali elezeni bahasha zilikuwa na namba mfululizo au la, kama karatasi ya ndani iliweza kuonekana, nani alizihifadhi, na jina la mgonjwa liliandikwa lini. Kama hatua yoyote kati ya hizi haikufanywa, semeni hivyo na muijadili kwenye mapungufu.

> Kipengele 7: Tafadhali wekeni kwenye kiambatisho mkakati kamili kama ulivyochapwa kwa kila kanzidata, pamoja na tarehe. Kama mkakati haukuhifadhiwa, tafuteni upya, na mripoti kilichoongezeka.

Ombi hili la pili linaweza kumrudisha mwandishi mezani kwa wiki kadhaa, na ndiyo maana kwa mapitio huanza na kipengele 7 kabla ya kingine chochote. Mkakati usipokuwepo, namwandikia mhariri siku hiyo hiyo kwamba uhakiki wa vipengele vya 8 hadi 15 usubiri, kwa sababu seti ya tafiti inaweza kubadilika. Kwenye jaribio ni tofauti: wagonjwa wameshagawanywa, hakuna wa kugawanywa upya, kwa hiyo namalizia orodha yote na kutuma maswali yangu kwa pamoja.